Tani moja ya magadi soda na mabaki yake

Magadi soda, ambayo wanakemia huiita kabonati ya sodiamu, ni unga mweupe unaohitajika kwa wingi katika viwanda vya kioo na vya sabuni ya unga. Unga huo unaweza kutengenezwa kwa njia kadhaa, na ukishatiwa katika mifuko hakuna anayeweza kutambua kwa macho ni njia ipi iliyotumika. Njia hizo hata hivyo zinatofautiana sana kwa kile zinachoacha nyuma. Moja huacha zaidi ya tani mbili za mabaki kwa kila tani ya magadi, nyingine huacha tani moja na ushei, na nyingine huacha chini ya nusu tani ambayo sehemu yake kubwa ni maji matupu. Sehemu kubwa ya tofauti hii imo ndani ya mlinganyo wa kikemia wa kila njia, na inaweza kukokotolewa kwa kalamu na karatasi kabla msingi wa kiwanda haujachimbwa.

Hesabu hiyo inaegemea kanuni moja: katika mmenyuko wa kikemia atomu hazipotei wala haziongezeki. Kila atomu iliyoingia na malighafi lazima itoke, ama ikiwa ndani ya bidhaa inayotakiwa, ama ikiwa ndani ya kitu kingine. Mwaka 1991 Barry Trost, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alipendekeza kwamba njia za kutengeneza kemikali zipimwe kwa sehemu ya atomu za malighafi inayoingia katika bidhaa. Kipimo hicho, ambacho hapa kitaitwa ufanisi wa atomu, hupatikana kwa kuchukua uzito wa bidhaa katika mlinganyo, kuugawanya kwa jumla ya uzito wa malighafi zote, na kuzidisha kwa 100. Karibu na wakati huohuo, mwaka 1992, Roger Sheldon alitoa kipimo kinachotazama upande wa pili, yaani ni kilo ngapi za taka zinazotoka kwa kila kilo ya bidhaa. Sheldon alihesabu taka halisi ya kiwandani, pamoja na malighafi iliyobaki bila kumenyuka na viyeyusho vilivyopotea, vitu ambavyo mlinganyo wa karatasini hauvionyeshi.

Vipimo hivi viwili vinaungana. Asilimia ya ufanisi wa atomu ikijulikana, uzito wa chini kabisa wa mabaki kwa kila tani ya bidhaa hupatikana kwa kugawanya 100 kwa asilimia hiyo, kisha kutoa 1. Njia yenye ufanisi wa asilimia 50 haiwezi kuacha chini ya tani moja ya mabaki kwa kila tani ya bidhaa, hata ikiendeshwa na mafundi hodari kuliko wote duniani. Ustadi wa kiwandani unaweza kuisogeza hesabu halisi karibu na kiwango hicho, lakini kushuka chini yake kunahitaji kubadili mmenyuko wenyewe.

Njia ya kwanza kutumika kwa kiwango kikubwa ilibuniwa na Nicolas Leblanc, tabibu wa Kifaransa aliyepewa hataza yake mwaka 1791. Kabla ya hapo Ulaya ilitegemea majivu ya mimea ya pwani, hasa kutoka Hispania, na majivu hayo hayakutosheleza viwanda vya kioo na sabuni. Leblanc alianza na chumvi ya kawaida. Aliipasha moto pamoja na asidi ya salfuriki akapata salfeti ya sodiamu, kisha akaichoma salfeti hiyo pamoja na makaa na mawe ya chokaa. Hatua hizo mbili zikiunganishwa, mlinganyo wake unakuwa hivi:

2NaCl + H2SO4 + 2C + CaCO3 → Na2CO3 + 2HCl + CaS + 2CO2

Kwa uzito, sehemu 117 za chumvi, 98 za asidi, 24 za kaboni na 100 za mawe ya chokaa huingia, jumla 339. Kati ya hizo, magadi soda ni sehemu 106 tu. Ufanisi wa atomu ni 106 kwa 339, yaani asilimia 31. Sehemu 233 zinazosalia ni mabaki, na zikigawanywa kwa 106 zinatoa tani 2.2 kwa kila tani ya magadi: tani 0.69 za gesi ya kloridi ya hidrojeni, tani 0.68 za salfidi ya kalsiamu, na tani 0.83 za kaboni dioksidi. Makaa yaliyochomwa ili kupata joto hayamo katika hesabu hii.

Kinachoumiza zaidi katika orodha hiyo ni aina ya mabaki, kuliko hata wingi wake. Kloridi ya hidrojeni ikikutana na unyevu hewani hugeuka asidi. Katika miji ya Widnes na St Helens nchini Uingereza, ambako viwanda vya aina hii vilisongamana, moshi wake ulikausha miti na kuharibu mashamba ya jirani. Salfidi ya kalsiamu ilirundikwa nje katika vilima vya matope ya kijivu, na mvua ilipoyafikia ilitoa gesi ya salfidi ya hidrojeni, yenye harufu ya mayai viza na yenye sumu. Waliokaa karibu na vilima hivyo walivuta gharama ya mlinganyo huo kila siku, ingawa haikuandikwa katika daftari la kiwanda chochote.

Hesabu ya karatasini inaweza kulinganishwa na kumbukumbu za wakati ule. Takwimu inayotajwa sana katika historia ya viwanda hivi ni kwamba kila tani 8 za magadi ziliambatana na tani 5.5 za kloridi ya hidrojeni na tani 7 za matope ya salfidi. Gawanya 5.5 kwa 8, jibu ni 0.69, sawasawa na mlinganyo. Lakini 7 kwa 8 ni karibu 0.88, wakati mlinganyo unaruhusu 0.68 tu. Tofauti hiyo ya 0.2 ina maelezo. Wafanyakazi walitia tanurini mawe ya chokaa na makaa kuliko kiasi kinachotakiwa, ili salfeti yote ipate kumenyuka, na ziada hiyo ikaishia katika matope pamoja na majivu. Hivi ndivyo tofauti kati ya kipimo cha Trost na kile cha Sheldon inavyoonekana katika kiwanda halisi: cha kwanza kinaonyesha mabaki yasiyoepukika, na cha pili kinaongeza yale yaliyotokana na namna kazi ilivyofanywa.

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1863 iliyovitaka viwanda vizuie angalau asilimia 95 ya kloridi ya hidrojeni isitoke hewani. Minara ya kuiosha gesi hiyo kwa maji ilikuwa imekwisha kubuniwa na William Gossage tangu mwaka 1836, kwa hiyo sheria ilitekelezeka. Mwanzoni asidi iliyopatikana ilimwagwa mitoni, na shida ikahama kutoka angani kwenda majini. Baadaye ndipo asidi ilipogeuzwa klorini ya kung'arishia vitambaa na karatasi, na sehemu ya mabaki ikawa bidhaa. Ufanisi wa atomu wa magadi haukubadilika hata chembe, kwani ulibaki asilimia 31.

Wakati huo mpinzani alikuwa amekwisha zaliwa. Mbelgiji Ernest Solvay alipata hataza mwaka 1861 ya njia inayotumia amonia, na kufikia baada ya Vita Kuu ya Kwanza njia ya Leblanc ilikuwa imekwisha. Solvay alitaka jambo linaloonekana rahisi: kuchukua chumvi na mawe ya chokaa, kisha kubadilishana washirika wao ili sodiamu ishikane na kabonati na kalsiamu ishikane na klorini. Vitu hivyo viwili vikichanganywa majini havifanyi hivyo. Vikiachiwa vyenyewe vinapendelea kurudi nyuma, kwa sababu kabonati ya kalsiamu haiyeyuki na hujitenga upesi. Amonia ndiyo iliyofungua njia ya kuzunguka.

Mawe ya chokaa huchomwa kwanza katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,000 ili yatoe kaboni dioksidi na chokaa. Maji ya chumvi hushibishwa amonia, kisha kaboni dioksidi hupulizwa ndani yake katika minara mirefu. Hapo bikabonati ya sodiamu, ambayo haiyeyuki vizuri katika maji hayo, hujitenga kama chembe nyeupe, na klorini hubaki majini ikiwa imeshikana na amonia. Bikabonati huchujwa na kupashwa moto hadi iwe magadi soda, na nusu ya kaboni dioksidi hurudi mnarani. Chokaa kutoka tanurini nayo huchanganywa na maji yaliyobaki ili kuikomboa amonia, ambayo hurudi mwanzo wa mzunguko. Amonia na maji vinavyorudi vikiondolewa pande zote mbili, kinachobaki ni hiki:

2NaCl + CaCO3 → Na2CO3 + CaCl2

Sehemu 117 za chumvi na 100 za mawe ya chokaa ni 217. Bidhaa ni 106. Ufanisi wa atomu ni asilimia 48.8, na mabaki ni 111 kwa 106, yaani tani 1.05 za kloridi ya kalsiamu kwa kila tani ya magadi. Hakuna kloridi ya hidrojeni, hakuna salfidi, na kaboni dioksidi yote ya mawe inaingia katika bidhaa. Uamuzi wa Solvay wa kuizungusha amonia badala ya kuitupa ndio uliofanikisha haya. Kiasi kikubwa cha amonia hupita mnarani kwa kila tani ya magadi, lakini kinachopotea na kulazimika kuongezwa ni kilo chache tu. Kemikali inayorudishwa kikamilifu haihesabiwi katika mlinganyo wa jumla, ila pale inapovuja.

Kiwandani hesabu huwa kubwa zaidi, na sababu yake kuu ni chumvi. Mmenyuko wa mnarani haufiki mwisho. Takriban robo ya sodiamu, na wakati mwingine zaidi, hubaki majini bila kugeuka bikabonati, na haifai gharama kuirudisha kwa sababu imechanganyika na kloridi ya kalsiamu. Mlinganyo unadai tani 1.10 za chumvi kwa tani ya magadi, lakini viwanda hutumia karibu tani 1.5 au zaidi. Mawe ya chokaa nayo hutumika kupita tani 0.94 za mlinganyo, kwani mengine hayaivi tanurini na mengine yana mchanga na udongo.

Mfano unaweza kuonyesha jinsi mhandisi anavyoyafuata mabaki haya. Chukua kiwanda kinachotumia tani 1.55 za chumvi kwa kila tani ya magadi. Klorini ni asilimia 60.7 ya uzito wa chumvi, hivyo tani 0.94 za klorini zimeingia. Magadi soda hayana klorini, isipokuwa uchafu kidogo. Kwa hiyo klorini yote lazima itoke na maji machafu, na inaweza kupimwa huko. Tani 1.05 za kloridi ya kalsiamu zinabeba tani 0.67 za klorini. Zinazobaki ni 0.27, na hizo zimo katika tani 0.45 za chumvi ambayo haikumenyuka. Jumla ya vitu vilivyoyeyuka ni tani 1.5 kwa kila tani ya bidhaa, badala ya 1.05 za karatasini. Kama maabara ikipima maji ya mfereji na kukuta klorini kidogo kuliko 0.94, basi ama kuna bomba linalovuja kabla ya kituo cha vipimo, ama chumvi inayoingia haipimwi vizuri. Klorini ni shahidi mwema katika kazi hii kwa sababu haigeuki gesi wala haijifichi katika bidhaa.

Mabaki haya hayatoki yakiwa makavu. Yanatoka katika kiasi cha mita za ujazo 10 hivi za maji kwa kila tani ya magadi, yakiwa na chembe za chokaa na mawe yasiyoiva. Kloridi ya kalsiamu ina wanunuzi wake, wanaoinyunyiza barabarani wakati wa barafu katika nchi za baridi au kuitumia kukaushia gesi, lakini viwanda vya njia hii vinatoa nyingi kupita soko lote linavyoweza kumeza, na kuyachemsha maji ili kuipata ikiwa kavu kunahitaji nishati nyingi. Kwa hiyo nyingi humwagwa baharini, mitoni au katika mabwawa. Karibu na mji wa Syracuse katika jimbo la New York, kiwanda kilichoanza mwaka 1884 kilimwaga maji yake katika Ziwa Onondaga na mabwawa ya kando yake hadi kilipofungwa mwaka 1986, na chumvi ya ziwa ilipungua dhahiri baada ya hapo. Kule Rosignano nchini Italia, fukwe za bahari zimekuwa nyeupe kwa vumbi la chokaa kutoka kiwanda cha magadi, na watalii huzipiga picha kana kwamba ni za asili.

Mwanakemia wa Kichina Hou Debang aliliangalia tatizo hilohilo kwa namna nyingine. Katika njia aliyoikamilisha wakati wa vita vya miaka ya 1940, amonia hairudishwi. Huachwa ishikane na klorini na kuuzwa ikiwa kloridi ya amonia, ambayo ni mbolea ya naitrojeni inayofaa hasa mashamba ya mpunga. Mlinganyo wake unatoa sehemu 106 za magadi na 107 za mbolea kutoka sehemu 213 za malighafi. Ukihesabu magadi peke yake, ufanisi ni asilimia 49.8, karibu sawa na wa Solvay. Ukihesabu vyote viwili kuwa bidhaa, ni asilimia 100. Hakuna atomu iliyohama kati ya hesabu hizo mbili, isipokuwa mkulima amejitokeza kununua. Hapa kipimo cha Trost kinahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa kinamtegemea msomaji aamue kipi ni bidhaa na kipi ni mabaki, na uamuzi huo unaweza kupinduka bei ya mbolea ikianguka. Zaidi ya hayo, amonia yenyewe hutengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe katika kiwanda kingine, ambako kaboni dioksidi nyingi hutoka kabla ya hesabu hii kuanza.

Njia iliyobaki haitengenezi magadi bali huyachimba. Katika Ziwa Magadi nchini Kenya, chemchemi za moto huleta maji yenye sodiamu na kabonati, jua huyakausha, na tabaka nene la fuwele za trona hujijenga juu ya ziwa. Kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, na reli ikajengwa kuunganisha ziwa na njia kuu ya kwenda Mombasa. Fuwele hukatwa kwa mashine zinazoelea, husagwa na kuoshwa, kisha hupashwa moto ili zitoe maji na kaboni dioksidi. Wyoming nchini Marekani kuna hazina kubwa zaidi ya trona, iliyofukiwa chini ya ardhi. Kazi ya kikemia iliyobaki ni ndogo:

2(Na2CO3·NaHCO3·2H2O) → 3Na2CO3 + CO2 + 5H2O

Sehemu 452 za trona hutoa 318 za magadi soda, ufanisi wa asilimia 70. Mabaki ni tani 0.42 kwa kila tani ya magadi, lakini kati ya hizo tani 0.28 ni mvuke wa maji. Kaboni dioksidi ni tani 0.14 tu. Hapa udhaifu wa kipimo unaonekana wazi: kinapima uzito, na kilo ya mvuke wa maji kwake ni sawa na kilo ya kloridi ya hidrojeni. Sheldon mwenyewe alilitambua hilo na akapendekeza uzito wa taka uzidishwe kwa namba inayoonyesha madhara yake, ingawa kukubaliana juu ya namba hiyo ni kazi ngumu.

Kuna pia mambo yasiyomo kabisa katika mlinganyo wa trona. Fuwele za ziwani huja na chumvi ya kawaida, udongo na floridi, na hivyo lazima vioshwe ili magadi yakubalike katika viwanda vya kioo. Maji ya kuoshea hurudi na uchafu huo. Mafuta yanayochomwa kukaushia hutoa kaboni dioksidi yake, na inaweza kuzidi ile ya trona yenyewe. Mtu anayelinganisha Magadi na kiwanda cha Solvay anapaswa kuhesabu mafuta ya pande zote mbili, na hapo Solvay hubeba mzigo mzito zaidi, kwani tanuri la chokaa na mvuke wa kukomboa amonia vinakula nishati nyingi.

Kusini ya Magadi, ng'ambo ya mpaka, liko Ziwa Natron la Tanzania, ambalo maji yake nayo yamejaa magadi. Kwa hesabu ya atomu pekee, mahali hapo ni sawa na Magadi. Lakini Natron ndilo ziwa ambalo flamingo wadogo wa Afrika Mashariki hulitegemea karibu peke yake kwa kutaga mayai, wakijenga viota vya matope juu ya magadi yaliyo mbali na maadui. Pendekezo la kujenga kiwanda huko katikati ya miaka ya 2000 lilipingwa vikali kwa ajili ya ndege hao, na kiwanda hakikujengwa. Suala hilo lilihitaji kuamuliwa kwa elimu ya ndege na ya maji ya ziwa, kwa sababu asilimia 70 ya mlinganyo wa trona ingekuwa ileile kama viota vipo au vimetoweka.